Mtoto analia sikio: kabla hujadondoshea chochote

Mafua ya watoto yakishaanza mtaani, ombi linalokuja dukani kwetu ni lilelile: "Naomba dawa ya matone ya sikio, mtoto hajalala." Mzazi ana noti mkononi, macho mekundu kwa kukesha, na anategemea kutoka na kichupa. Mimi nauza dawa na nina cheti cha kazi hiyo, lakini kabla sijageukia shelfu humuuliza mambo matatu: mtoto ana umri gani, alikuwa na mafua, na je, sikio linatoa kitu? Wapo wanaokasirika. "Dada, wewe niuzie tu." Namwelewa, ila kichupa kile mara nyingi hakitamsaidia, na kwa mtoto mwingine kinaweza kumdhuru.

Ukiingiza kidole sikioni unagusa njia ya nje tu. Mwisho wa njia hiyo kuna ngoma ya sikio, utando mwembamba ulioziba kabisa, na nyuma yake ndiko liliko sikio la kati. Chumba hicho kidogo kinapata hewa kwa mrija unaotokea nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua huuvimbisha na kuuziba kwa urahisi, majimaji yanatuama, vijidudu vinazaliana, usaha unasukuma ngoma kutoka ndani. Ndiyo maana maumivu huzidi usiku mtoto akilala. Sasa matone yakidondoshwa yanaishia kwenye ngoma. Ni kama kumwagia maji mlango wakati moto uko chumbani. Ngoma ikiwa nzima, matone ya antibayotiki hayaufikii ugonjwa wa sikio la kati hata ukimaliza vichupa viwili.

Yanayofikiwa na matone ni maambukizi ya njia ya nje, yale ya mtoto aliyeogelea sana au aliyechokonolewa na kijiti cha pamba. Huyo ukimvuta sikio au ukibonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu, anaruka kwa uchungu. Mwenye tatizo la ndani kwa kawaida hajali ukimvuta. Si kipimo cha kuamulia matibabu, kazi hiyo ni ya mwenye otoskopu, ile tochi ndogo ya kuchungulia sikioni, lakini kinakupa picha.

Nichukue mfano wa mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka miwili na nusu, kilo 12. Mafua yalikuwa yameshakaa kidogo, kisha usiku akaamka analia ameshika sikio la kulia. Joto nyuzi 38.2. Asubuhi akanywa uji na kucheza, ingawa kwa kununa. Mama yake akampeleka hospitali, daktari akachungulia: ngoma nyekundu, imetuna, haijatoboka, sikio la kushoto safi. Akaandika dawa ya maumivu, na cheti cha antibayotiki akampa mkononi akamwambia: "Hii usiinunue leo. Baada ya saa 48 kama hajapata nafuu, au akizidiwa kabla ya hapo, ndipo uinunue." Mdogo wangu akanipigia simu amekasirika, anaona kafukuzwa.

Hakufukuzwa. Sehemu kubwa ya maambukizi haya mwili unayamaliza wenyewe. Katika tafiti zilizolinganisha watoto waliopewa antibayotiki na wasiopewa, kiasi cha 6 kati ya 10 walikuwa hawana maumivu baada ya siku moja, wamepewa au hawakupewa. Faida ya dawa huonekana baadaye kidogo, na ni ndogo, huku kuharisha, kutapika na vipele vikiwa upande wa pili wa mizani. Ila kusubiri kuna masharti. Mtoto wa chini ya miezi 6 hasubiriwi. Wa miezi 6 hadi miaka 2 anaweza kusubiriwa kama ni sikio moja tu na hali si kali. Aliyefika miaka 2 anasubiriwa hata yakiwa yote mawili, mradi hali iwe nyepesi. Joto la nyuzi 39 na kuendelea, maumivu makali, maumivu yaliyokwishapita siku mbili, au usaha unaotoka: hapo hakuna kusubiri. Mtoto mwenye kinga dhaifu naye aanze dawa.

Tena kusubiri kunahitaji mtu aliyeliona sikio kwa ndani, na uwezekano wa kurudi upesi. Kwenye zahanati isiyo na otoskopu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kwa watoto chini ya miaka mitano unaelekeza mtoto mwenye maumivu ya sikio au usaha wa chini ya siku 14 apewe antibayotiki moja kwa moja. Kwa hiyo ukiishi mbali, na mganga hana cha kuchungulia nacho akakuandikia amoksilini, usije ukabishana naye kwa kunitaja mimi. Yuko sahihi kwa mazingira yake.

Katika siku hizo mbili kazi ni kutuliza maumivu, na hapa wazazi wengi hupunja. Parasetamoli ni hadi miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa kilo 12 ni miligramu 180, na kwa siropu iliyoandikwa 120mg/5ml hiyo ni mililita 7.5, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Pima kwa sirinji, si kwa kijiko cha chai. Mdogo wangu alikuwa akimpa mililita 2.5 halafu anasema dawa haifanyi kazi.

Usiku wa pili mtoto alilia sana, kisha alfajiri akanyamaza ghafla. Asubuhi mto ulikuwa na doa la njano lenye damu kidogo, na mtoto anataka chapati. Nyumba nzima wakafurahi. Mimi nikasema arudi hospitali, kwa sababu maumivu yanayokatika ghafla pamoja na usaha yana maana moja: ngoma imetoboka na presha imetoka. Si janga. Tundu la namna hii kwa kawaida huziba lenyewe ndani ya siku au wiki chache. Lakini usaha ukishatoka, kusubiri kumekwisha, na cheti kilichokuwa droo kinanunuliwa.

Kipimo cha amoksilini kwa sikio ni miligramu 80 hadi 90 kwa kilo kwa siku, kikigawanywa mara mbili. Kwa kilo 12 inakuja karibu miligramu 500 asubuhi na 500 jioni: vidonge viwili vya kuyeyusha vya 250mg, au mililita 10 za siropu ya 250mg/5ml, kwa siku 5. Piga hesabu na chupa: mililita 20 kwa siku mara 5 ni 100. Nyumbani walipelekewa chupa ya mililita 100 iliyoandikwa 125mg/5ml, na maelekezo ya mililita 5 mara tatu. Hiyo ni miligramu 375 kwa siku badala ya 1000. Mtoto angemaliza dawa, usaha ungebaki, na wangesema amoksilini imeshindwa. Soma namba zilizo chini ya jina la dawa, na umtaje kilo zake kwa anayekuuzia. Kama amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, sema kabla chupa haijafunguliwa, ziko nyingine.

Pamoja na dawa ya kunywa, sikio linalotoa usaha linakaushwa. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, au tishu ngumu isiyomeguka, usokote kama utambi wa koroboi. Vuta sikio taratibu nyuma na chini, ingiza utambi mpaka ulowe, utoe, weka mwingine, hadi utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha pamba, na usiache pamba imeziba tundu kutwa, maana usaha unahitaji pa kutokea. Wakati wa kuoga tu weka pamba iliyopakwa vaselini, kisha itoe. Kuogelea kusubiri mpaka mtu aone ngoma imefunga.

Halafu kuna hili la kudondoshea. Ngoma ikitoboka, mlango uko wazi, na kila unachotia sikioni kinafika mahali ambapo hakikutakiwa kufika. Mafuta ya nazi ya moto, maji ya kitunguu saumu, maziwa ya mama, spiriti, haidrojeni peroksaidi: vyote niliwahi kusikia vimetumika, na hakuna hata kimoja kinachofaa hapo. Kusukuma maji kwa sirinji ili "kusafisha" ndiyo mbaya zaidi. Matone ya ganzi ya kutuliza maumivu nayo ni ya ngoma nzima tu. Yakipita tunduni mtoto anaweza kupata kizunguzungu na kutapika.

Ninachokiogopa zaidi ni kile kichupa cha bei nafuu cha jentamisini, kilichoandikwa kuwa ni cha macho na masikio. Jentamisini na neomisini ni kundi moja, na kundi hilo linaweza kuharibu sikio la ndani, sehemu inayosikia na kushika mizani ya mwili. Ngoma nzima inazuia. Ngoma iliyotoboka haizuii, na usikivu ukipotea kwa njia hiyo haurudi. Kama sikio linatoa usaha na hujui hali ya ngoma, chukulia imetoboka, na usikubali kichupa hicho.

Matone yaliyo salama kwa tundu ni ya kundi la siprofloksasini. Mwongozo unayataja pale usaha unapofikisha siku 14 au zaidi, kwa kuwa hapo tatizo limekuwa sugu na dawa ya kunywa haifiki vizuri: yanatiwa baada ya kukausha, kwa wiki mbili. Ukikosa ya sikio, siprofloksasini ya macho inaweza kutumika sikioni. Ya sikio usiitie jichoni kamwe. Pashia kichupa joto kiganjani kwanza, kwani tone la baridi huleta kizunguzungu. Mlaze mtoto sikio likiwa juu, dondosha, kisha bonyeza kile kinyama cha mbele mara kadhaa ili dawa isukumwe ndani, akae hivyo dakika chache. Ukitia juu ya usaha, unatibu usaha.

Mtoto wetu alirudi kuangaliwa siku ya tano, sikio kavu, tundu bado dogo. Akapangiwa kurudi tena kutazamwa kama limefunga na kama anasikia vizuri. Nilimwandikia mama yake kwenye simu mambo ya kumkimbiza hospitali hata usiku: uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, uso kwenda upande, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, au usingizi asioamshika. Na kama wiki mbili za matone zinaisha na usaha bado upo, usirudi kwangu kununua kichupa cha pili. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.