Kisiwa kilichokosa maji: namna ya kuanza kusoma ujasusi wa vita

Kila Oktoba ninapokutana na wanafunzi wapya wa historia ya vita hapa Dodoma, insha ya kwanza huwa inafanana. "Wamarekani walishinda Midway kwa sababu walivunja msimbo wa Wajapani." Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeruka kila kitu kinachofaa kusomwa. Ninyi mnaoanza mwaka huu, nawaomba tuipitie Midway, vita ya Juni 1942 kwenye kisiwa kidogo cha Pasifiki, polepole, kwa sababu ujasusi wa aina tatu unakutana mahali pamoja: jasusi, msimbo na upelelezi wa angani.

Tuanze na msimbo wenyewe. Jeshi la majini la Japani lilikuwa na kitabu chenye maelfu ya maneno, kila neno limepewa namba ya tarakimu tano. Kabla ya kutuma, karani alichukua namba ya pili kutoka kitabu kingine, akaijumlisha na ile ya kwanza tarakimu kwa tarakimu bila kubeba. Mimi huandika ubaoni hivi:

```
12345   namba ya neno
58271   namba ya kuongeza
60516   kinachotumwa
```

Mbili na nane ni kumi, unaandika sifuri na hubebi moja. Adui anasikia 60516 redioni, na neno lilelile kesho litasikika kama namba nyingine kabisa. Wanafunzi wakiona hapo husema haiwezekani kufunguliwa.

Sasa tazama 12345 tena. Inagawanyika kwa tatu. Namba zote za maneno katika kitabu kile ziligawanyika kwa tatu, na kusudi lilikuwa jema: karani akipokea namba isiyogawanyika, anajua kuna kosa la redio. Lakini kipimo hichohicho kilimsaidia adui. Mvunja msimbo aliyekisia namba ya kuongeza aliiondoa kwenye jumbe kadhaa, na yote yaliyobaki yakigawanyika kwa tatu, alijua amekisia sawasawa. Jaribuni wenyewe kwenye daftari kwa namba kumi, mtaelewa kuliko maelezo yangu yote.

Hata hivyo, kuondoa namba ya kuongeza hakukupi maana. Bado unabaki na namba ya neno usilolijua. Katika chumba cha chini ya ardhi kule Pearl Harbor, bandari ya meli za kivita za Kimarekani huko Hawaii, kundi la wavunja msimbo la Joseph Rochefort mnamo Mei 1942 lilisoma sehemu ndogo tu ya ujumbe wa kawaida. Yaliyobaki walijaziliza kwa kuangalia nani anamwita nani redioni, mara ngapi, na kutoka wapi. Kwa njia hiyo waliona shambulio kubwa linaandaliwa dhidi ya mahali palipoitwa AF. Rochefort aliamini AF ni Midway. Washington wengine hawakukubali.

Hapa ndipo ninapowaomba mkae kidogo, kwa sababu kilichofuata ndicho kinachotenganisha habari na dhana. Jasper Holmes, ofisa aliyefanya kazi na kundi hilo, alitoa wazo la kuijaribu dhana yao. Midway ni kisiwa kidogo kisicho na mto, na maji ya kunywa yalitengenezwa kwa mtambo wa kuchuja chumvi ya bahari. Kwa kebo ya chini ya bahari, ambayo Wajapani hawakuweza kuisikiliza, Midway iliagizwa itangaze kwa redio, bila msimbo, kwamba mtambo umeharibika na maji yanapungua. Baada ya muda mfupi kituo cha Japani kikaripoti kwa msimbo wake: AF ina shida ya maji.

Mwaka mmoja binti mmoja, ndoo yake ya maji ikiwa chini ya dawati kwa sababu bomba la hosteli lilikuwa limekauka tangu asubuhi, aliniuliza, "Mwalimu, Wajapani hawakushtuka kwamba jambo kama hilo limetangazwa wazi?" Swali zuri sana. Nilimjibu kwa kuielekeza ndoo yake. Anayekosa maji hupiga kelele mara moja, tena kwa njia yoyote iliyo karibu. Habari ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba haikuwa na harufu ya mtego. Wangetangaza kwamba meli za vita zimewasili, msikilizaji angejiuliza kwa nini anaambiwa.

Upande wa Japani una funzo kubwa vilevile, na ndio wanafunzi huuruka. Mwaka 1941 walikuwa na jasusi Honolulu, karibu na Pearl Harbor, Takeo Yoshikawa, aliyejificha katika ubalozi mdogo na kuripoti meli zilizokuwa bandarini. Vita vilipoanza alikamatwa pamoja na wenzake, na hapakuwa na mwingine wa kuchungulia bandari. Badala ya macho yake wakapanga ndege kubwa za majini zitue kwenye miamba ya French Frigate Shoals, zijazwe mafuta na nyambizi, kisha ziruke juu ya Pearl Harbor. Njia hiyohiyo walikuwa wameitumia Machi 1942, na Wamarekani walikuwa wameishtukia. Nyambizi zilipofika mwishoni mwa Mei zilikuta meli za Kimarekani zimetia nanga palepale. Safari ikafutwa. Mstari wa nyambizi uliotakiwa kuzichungulia meli zikitoka Hawaii nao ulichelewa, meli zikawa zimeshapita. Kwa hiyo Admirali Nagumo, aliyeongoza meli za Japani za kubeba ndege, alikwenda Midway akiwa hajui kwamba meli tatu za Kimarekani za kubeba ndege zinamsubiri. Mkiandika kuhusu vita yoyote, ulizeni nani alinyimwa macho, wala msiishie kuuliza nani aliyapata.

Kabla ya pigano la Midway, Admirali Nimitz, kamanda wa meli za Kimarekani Pasifiki, alimtaka ofisa wake wa ujasusi, Edwin Layton, ataje siku na mahali. Layton alisema tarehe 4 Juni asubuhi, kutoka kaskazini-magharibi, maili 175 kutoka Midway. Wajapani walipoonekana, Nimitz alimwambia amekosea kwa maili tano, nyuzi tano za mwelekeo na dakika tano.

Mipaka ya ujasusi inaanzia hapo. Siku za mwisho za Mei Japani ilibadili msimbo, na jumbe mpya hazikusomeka. Waliozipata meli za Nagumo asubuhi ile ni marubani wa doria waliotumia macho. Kikosi kimoja cha Kimarekani cha ndege 15 za torpedo kilishambulia bila ulinzi na zote zikaangushwa, akapona mtu mmoja tu. Rubani Wade McClusky, akiongoza ndege za kudondosha mabomu, alifika mahali alipotegemea kuwakuta Wajapani akakuta bahari tupu. Mafuta yakiwa yanapungua, aliamua kuendelea kutafuta, akaona meli moja ndogo ya kivita ikikimbia kwa kasi kuelekea kaskazini, akaifuata. Ilimpeleka kwenye meli za Nagumo. Karibu saa nne na nusu asubuhi, katika dakika chache, meli tatu za Nagumo za kubeba ndege, Akagi, Kaga na Soryu, zilikuwa zinaungua. Ya nne, Hiryu, ilifuata jioni, nayo Yorktown ya Wamarekani ilipigwa na kuzama tarehe 7.

Kwa insha yenu ya kwanza, chukueni karatasi na mchore mstari katikati. Kushoto andikeni kila kitu ambacho Nimitz alikijua usiku wa tarehe 3 Juni, na amekijuaje. Kulia andikeni alichojua McClusky alipoangalia chini akaona maji matupu. Mnieleze kwa kurasa mbili ni kipi cha kushoto kilichokuwa kimemfikia yeye angani.