Vesti Nyeusi Iliyonirudia kwa Sababu ya Picha

Wiki jana fundi mmoja kijana wa Katuba aliniandikia: "Mukubwa, picha za vesti zako unapigisha kwa nani? Mpaka uzi wa revere unaonekana." Revere, yaani ile kola ya koti inayokunjwa kifuani. Nilicheka peke yangu. Sipigishi kwa mtu. Napiga mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, humuhumu chumba cha kushonea. Ila kuyajua haya kulinigharimu dola 140.

Ilikuwa Februari ya mwaka jana, mvua za Lubumbashi zimekaza. Nilishona vesti nyeusi, koti la suti, sufu iliyochanganywa na moheri, kitambaa chenye mng'ao wa chini kwa chini, na revere ya ncha, ile ambayo pembe zake zinapanda kuelekea bega. Nikaitundika nje ukutani, mawingu yametanda, nikapiga, nikaweka kwenye WhatsApp. Baba mmoja wa Likasi akaagiza ya kipimo chake, arusi ya mdogo wake Jumamosi. Ijumaa akaja kuichukua. Akaivaa, akajigeuza kwenye kioo, akanyamaza.

"Fundi, hii inang'aa. Ile niliyoiona haikung'aa. Na hizi pembe? Mimi ni shemasi, si mwanamuziki."

Nikafungua picha ili nimshinde. Looo! Alikuwa na haki. Kwenye picha kulikuwa na doa la kijivu lenye mikono miwili. Revere haijulikani ni ya ncha au ya kawaida yenye mkato. Nilimrudishia pesa zake zote, na mpaka leo inaniuma, maana mshono ule haukuwa na kosa hata moja.

Kosa lilikuwa mwanga. Siku ya mawingu, nje, mwanga unakuja kutoka kila upande, kwa hiyo ukingo wa revere hauangushi kivuli, na nyeusi juu ya nyeusi inapotea. Mng'ao nao unaonekana pale tu sehemu iliyoshika mwanga inapokaa jirani na sehemu yenye giza. Halafu simu, ikiona weusi mwingi, inadhani kuna giza na kuongeza mwanga yenyewe. Nyeusi inageuka majivu.

Siku hizi namsimamisha mtu wa plastiki kama mita moja kutoka dirisha la upande wa kusini. Mwezi wa 6 na wa 7 jua letu hupita kaskazini, basi dirisha hilo linapata mwanga bila jua lenyewe. Desemba jua linasogea kidogo kusini, natundika shuka jeupe. Mwanga lazima upite kifuani kwa ubavu, usimpige usoni. Hapo revere ya upande wa dirisha inang'aa kwenye mkunjo, na chini ya ukingo wake kunatokea mstari mwembamba wa kivuli unaochora pembe yake. Ikiwa revere ya pili imezama gizani, shika katoni nyeupe upande ule, isogeze polepole mpaka pembe ionekane, usimame hapohapo. Ukizidi, mng'ao unakufa tena.

Kisha rudi nyuma mita mbili, simu iwe kimo cha kifungo cha juu. Ukisogea karibu sana kifua kinavimba na revere zinapanuka, mteja atadai upana ambao hukushona. Gusa kioo cha simu juu ya revere, shikilia, telezesha mwanga chini mpaka nyeusi iwe nyeusi kweli, lakini mshono bado uonekane.

Na jamani, acheni kupiga pasi revere mpaka ilale kama bahasha! Karibu na kifungo inatakiwa ijikunje yenyewe, laini. Mimi naipa mvuke, naipanga kwa kiganja. Vesti ya vifungo viwili funga cha juu tu.

Kifungo kina picha yake peke yake, kwa ubavu, bila flashi. Flashi inaweka doa jeupe katikati, matundu manne yanafutika. Taa ya duara ni vilevile, inachora pete juu ya kifungo kizuri cha pembe ya ng'ombe kikafanana na plastiki. Kwa ubavu mtu anaona shingo ya uzi chini ya kifungo, na tundu lililoshonwa kwa mkono. Kazi hiyo ndiyo anayolipia. Wapo mafundi wanaochukua picha za vesti za Italia mtandaoni na kuziita zao. Mteja akija, watamvisha nini? Onyesha yako.

Vesti ya shemasi niliipiga upya pale dirishani, asubuhi. Siku ya nne mtu wa Kolwezi aliandika: "Nataka ile ya pembe juu, yenye kung'aa kidogo." Hakuuliza swali lingine. Kwenye orodha ya walioitazama picha, jina la baba wa Likasi lilikuwemo pia. Alitazama, hakuandika kitu.