Paka wa mabaka, mashume wawili na kromosomu moja iliyolala

SWALI: Asalamu alaykum, daktari. Paka wangu hapa Wete ana mabaka meusi na ya rangi ya machungwa, na tumbo lake ni jeupe. Amezaa watoto watano: madume wawili, mmoja mweusi na mmoja wa machungwa, na majike watatu, mmoja mweusi, mmoja wa machungwa na mmoja wa mabaka kama mama yake. Kwa nini rangi hazikuchanganyika zikawa moja ya katikati? Baba yao ni shume wa machungwa wa jirani au yule mweusi wa sokoni? Na mbona sijaona dume mwenye mabaka?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nitaanza na mabaka ya mama, kwa sababu ukishayaelewa, habari ya baba utaweza kuitatua mwenyewe.

Paka ana kromosomu 38, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya urithi, katika kila seli. Hizo ni jozi 19, na jozi moja kati ya hizo ndiyo inayoamua jinsia. Jike ana kromosomu X mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, ilhali dume ana X moja aliyopewa na mama na Y aliyopewa na baba. Rangi ya machungwa imeandikwa katika X. Jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja kutokana na kuwahesabu watoto wa paka tu, lakini jeni yenyewe, yaani kile kipande cha kromosomu kinachobeba agizo hilo, ilitambuliwa juzi juzi, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2025 na vikundi viwili vilivyofanya kazi kila kimoja peke yake, kimoja cha Chuo Kikuu cha Kyushu huko Japani na kingine cha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Katika X ya machungwa pamekatika kipande cha DNA chenye urefu wa herufi zipatazo 5,000, ndani ya jeni iitwayo ARHGAP36. Mkato huo hauiui jeni. Unaiamsha katika seli zinazotengeneza rangi ya manyoya, mahali ambapo ilipaswa kukaa kimya, na ikiamka seli hizo huacha kutengeneza rangi nyeusi na kutengeneza ile ya machungwa.

Mama wa watoto wako ana X moja yenye mkato huo na X nyingine isiyo nao. Lau kama X zote mbili zingefanya kazi pamoja katika kila seli, hapo swali lako la rangi ya katikati lingekuwa na nguvu. Hazifanyi kazi pamoja. Katika siku za mwanzo za mimba, kiinitete cha jike kikiwa bado kifundo kidogo cha seli, kila seli huizima X yake moja. Huanza na jeni iitwayo XIST, iliyomo ndani ya X yenyewe, ambayo hutoa uzi mrefu wa RNA. Uzi huo hauendi mbali, bali huifunika ile ile X iliyoutoa kutoka ncha hadi ncha na kuita protini zinazoikunja na kuibana mpaka jeni zake karibu zote zinanyamaza, ijapokuwa chache huendelea kusomwa. Ni X ipi itakayozimwa, ya mama au ya baba, katika paka ni jambo la bahati nasibu, na seli iliyo jirani inaweza kuchagua kinyume.

Bahati nasibu hiyo huchezwa mara moja tu. Baada ya X kuzimwa, alama za kuzimwa kwake hunakiliwa kila seli inapojigawa, kwa hiyo seli iliyoizima X ya machungwa itazaa ukoo mzima wa seli zilizoizima X ya machungwa, na ukoo huo utatoa manyoya meusi maisha yote ya paka. Ukoo wa jirani yake utatoa manyoya ya machungwa. Fikiria mkeka wa ukindu: chane hutiwa rangi kwanza, kila moja rangi yake, kisha ndipo husukwa, na hata mkeka uwe mpana vipi, chane nyekundu haimwagi rangi yake katika chane nyeusi. Tofauti ni kwamba mkeka una msusi aliyepanga nakshi, na hapa hakuna aliyepanga.

X iliyozimwa unaweza hata kuiona. Mwaka 1949 Murray Barr na Ewart Bertram, huko Kanada, walikuwa wakizichunguza seli za neva za paka kwa hadubini, wakagundua kwamba majike wana kitone cheusi ndani ya kiini cha seli ambacho madume hawanacho. Kitone hicho ndicho X iliyokunjwa. Maana yake ilikuja kufafanuliwa mwaka 1961 na Mary Lyon wa Uingereza, aliyeanzia kwa panya wa kike wenye manyoya ya mabaka. Nami hupenda kukumbusha kwamba paka ndiye aliyekitoa kitone chenyewe, kabla panya hawajatoa maelezo.

Sasa, mbona paka wengine wana vidoa vidogo vilivyochanganyika kama mchele na choroko, na wako ana mabaka mapana yenye mipaka? Jibu liko katika lile tumbo jeupe. Seli za rangi huzaliwa karibu na uti wa mgongo wa kiinitete, kisha husafiri ndani ya ngozi kushuka ubavuni hadi tumboni na miguuni, huku zikijigawa njiani. Paka asiye na weupe huwa na seli nyingi za namna hiyo, koo zikapishana na kuingiliana, na rangi zikaonekana kama zimenyunyizwa. Paka mwenye weupe ana jeni nyingine, isiyokuwa katika X, inayozipunguza seli hizo, kwa hiyo chache zilizopo hupata nafasi kubwa, na kila ukoo hujitandaza peke yake mpaka ukawa baka pana. Pale ambapo seli za rangi hazikufika kabisa, manyoya hubaki meupe. Kwa hiyo weupe si X ya tatu, wala hauhusiani na kuzimwa kwa X. Unayatanua tu mabaka ambayo kuzimwa huko kumeyaleta.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni wa mwishoni mwa mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambako alizaliwa CC, paka wa kwanza kutengenezwa kutokana na seli ya paka mwingine. Aliyetoa seli alikuwa jike wa rangi tatu kama wako. Kwa DNA CC alikuwa nakala yake, lakini alizaliwa na weupe na michirizi ya kahawia, bila hata doa la machungwa. Seli iliyotumika ilikuwa imekwisha kuizima X ya machungwa, na kuzimwa huko hakukufutwa wakati wa kumtengeneza CC, kwa hiyo mwili wake wote ukafuata uamuzi wa seli ile moja.

Tuje kwa baba. Madume wawili usiwaulize, maana hawana la kukwambia: baba huwapa Y tu, na rangi yao hii yote imetoka kwa mama, ambaye X zake mbili hugawika nusu kwa nusu, ndiyo maana mmoja ni mweusi na mwenzake ni wa machungwa. Mashahidi ni majike, kwa kuwa kila mmoja amepokea X moja ya baba. Jike wa machungwa tupu lazima X zake zote mbili ziwe za machungwa, kwa hiyo baba yake ana X ya machungwa, naye ni shume wa jirani au mwingine wa rangi hiyo. Jike mweusi tupu lazima asiwe na X ya machungwa hata moja, kwa hiyo baba yake si wa machungwa. Jike wa mabaka angeweza kuzaliwa na yeyote kati yao. Dume mmoja hawezi kuwa baba wa yule wa machungwa na wa yule mweusi pamoja, kwa sababu ana X moja tu, naye huwapa majike wake wote hiyo hiyo. Basi kama ulivyoeleza ndivyo, uzao huo una baba wawili. Jambo hilo ni la kawaida kwa paka: joto la jike hudumu siku kadhaa, mayai yake hutoka kwa kuchochewa na kupandwa, na anaweza kupandwa na mashume tofauti katika joto lile lile.

Nimesema “kama ulivyoeleza ndivyo” kwa makusudi. Bahati nasibu haigawi nusu kwa nusu katika kila mwili, na kuna jike anayeonekana mweusi kumbe ana baka moja la machungwa lenye ukubwa wa ukucha. Huyo ni wa mabaka, na akiwa hivyo ushahidi wa baba wa pili unaanguka. Mtoe yule mweusi kwenye mwanga, umtazame baina ya vidole, kwapani, kidevuni na chini ya mkia. Usidanganywe na jua letu, ambalo huyababua manyoya meusi yakawa na wekundu wa kutu: yatenganishe kwa vidole, na ukiona wekundu uko nchani tu huku shina ni jeusi, hiyo si rangi ya machungwa. Yule wa machungwa naye mtafute weusi vivyo hivyo, lakini michirizi iliyokoza isikutie wasiwasi, kwani paka wa machungwa karibu wote wanayo. Hakikisha pia jinsia, maana watoto wa paka wachanga huwachanganya hata wazoefu. Kwa jike, uwazi wa chini uko karibu sana na ule wa haja kubwa na una umbo la mstari. Kwa dume upo mbali kidogo na ni wa duara.

Dume mwenye mabaka yupo, ila ni nadra: hukadiriwa kwamba katika paka 3,000 wa mabaka, mmoja hivi ndiye dume. Kwa kawaida huyo amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, yaani X mbili na Y moja, kwa hiyo Y humfanya dume na seli zake huizima X moja kama za jike. Wengi wao ni tasa. Wachache wanaozaa huwa wametokana na viinitete viwili vilivyoungana tumboni, na hapo mabaka ni ya ndugu wawili ndani ya ngozi moja, hayakuletwa na kuzimwa kwa X. Kwa macho hutawatofautisha. Hupimwa kwa kuzihesabu kromosomu za seli za damu na za ngozi.