Nilivyoacha kumlea kijana wangu kikazi, na mipaka niliyomwekea

Kijana huyu alinijia akitoka chuo, anajiandaa na mitihani ya CPA ya bodi ya wahasibu, NBAA. Tulikubaliana tuonane Jumamosi moja kila mwezi, aje na maswali yake, nami nimwonyeshe namna uhasibu unavyofanyika nje ya vitabu. Mitihani akaifaulu, akaanza kupata wateja wake, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na mama mmoja mwenye duka la dawa. Sisi tukaendelea kuonana kwa mazoea tu.

Mambo yakabadilika polepole. Kila tarehe 20 ikikaribia, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, simu yangu inalia usiku: "Shikamoo dada, naomba uipitie kidogo kabla sijatuma." Ameambatanisha faili zima la mteja. Zamani alikuwa akiniuliza kwa nini risiti fulani haifai kudaia VAT. Sasa anauliza aiweke au asiiweke. Hilo swali la pili ndilo lililonishtua, maana anayelijibu ndiye anayeamua, na mimi mteja yule simjui, mkataba naye sina, wala stakabadhi zake sijaziona. Baadaye nikasikia anawaambia wateja kwamba hesabu zao "zinapitiwa na dada mmoja mzoefu". TRA wakija kuhoji, huyo dada ni mimi.

Ukiona umefika hapo, usianze kukwepa simu. Wengi wetu hufanya hivyo kwa kuona haya, kisha kijana anabaki anajiuliza amekosa nini. Mwite mkae. Mimi niliiacha tarehe 20 ipite kwanza, kwa sababu ukimwambia mtu habari hii wakati ritani zinamkaba shingoni ataona umemtosa.

Nilimwambia hivi: "Kazi tuliyokubaliana imekwisha, na umeifanya vizuri. Kuanzia mwezi ujao sitakuwa mlezi wako tena, na hesabu za wateja wako sitazipitia." Sikusema "siku hizi nimebanwa kidogo". Ukisema umebanwa, atakusubiri ubanduke, na ana haki ya kusubiri. Wala sikumsomea orodha ya simu za usiku, kwa kuwa shauri lingegeuka kesi, naye angeanza kujitetea badala ya kunisikia. Suala la jina langu tu ndilo nililitaja waziwazi, kwa kuwa lazima likome.

Alinyamaza, akageuza kikombe chake, kisha akauliza, "Dada, nimekukosea?" Nikamjibu kwamba hajanikosea, ila sasa yeye ni mhasibu mwenye wateja, na uamuzi juu ya hesabu zao ni wake.

Jioni ile nikamwandikia ujumbe, maana maneno ya mezani kila mtu huyakumbuka anavyotaka:

"Asante kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana: vikao vyetu vya Jumamosi vimekwisha. Faili za wateja usinitumie, na jina langu usilitaje kwao. Ukiomba kazi na ukanihitaji kuwa mdhamini, niulize kwanza, unitumie na tangazo lenyewe angalau wiki moja kabla. Salamu na habari njema karibu wakati wowote."

Sentensi mbili za mwisho zina kazi yake. Mtu akiambiwa yaliyofungwa tu, hajui hata kama bado anaruhusiwa kukuamkia.

Siku ileile nilifuta faili za wateja wake zilizokuwa kwenye kompyuta yangu, nikajitoa kwenye folda tuliyokuwa tukitumia pamoja, na nikamjulisha. Mle mlikuwa na orodha za mishahara zenye majina ya watu, na mimi sikuwa tena na sababu yoyote ya kuwa nazo.

Tegemea kujaribiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 18, faili likaingia: "Shikamoo dada, hii ya mwisho." Nikajibu: "Marahaba. Sijalifungua na nimelifuta, kama tulivyokubaliana. Kama kuna stakabadhi inakutatiza, waulize TRA kwenye ofisi anakohudumiwa mteja wako." Basi. Sikueleza upya sababu zangu, kwa kuwa sababu ikirudiwa huonekana inajadilika. Na ningelifungua lile moja, ujumbe wangu wote wa mwanzo ungekuwa umefutika.

Alikaa kimya kipindi fulani, nami nikamwacha. Kisha siku moja akanitumia tangazo la nafasi ya mhasibu kwenye shirika moja, wiki nzima kabla ya mwisho wa kuomba, akiuliza kama naweza kumdhamini. Nilikubali, nikamweleza mapema kwamba nitazungumzia bidii yake na uelewa wake nilioushuhudia kipindi nilipokuwa namlea, na kwamba wakiniuliza juu ya wateja anaowahudumia sasa, nitawaambia wamuulize mwenyewe.