Barua kwa mwanangu: jioni za kunyonya bila kuachia

"Mama, tangu Jumatatu mjukuu wako hataki kuachia ziwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, na usiku anaamka kila baada ya saa moja na nusu, wakati wiki iliyopita alikuwa analala saa tatu mfululizo. Matiti yangu yamekuwa laini kama yameishiwa. Mama mkwe anasema maziwa hayatoshi, nimpe uji mwepesi jioni ili alale. Nifanyeje?"

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Uji usimpe, wala maziwa ya kopo, wala dawa ya mchango ambayo najua kuna mtu hapo Kirumba ameshakutajia. Nimeitazama picha ya kadi ya kliniki uliyonitumia kabla sijashika kalamu. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, na juzi Jumatano, alipotimiza wiki sita, mizani ilionyesha kilo 4.4. Hiyo ni gramu 1,200 kwa wiki sita, yaani gramu 200 kila wiki, na mtoto wa umri huo anayeongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki anakwenda vizuri. Mtoto ambaye mama yake hana maziwa hapati uzito wa namna hiyo kwa hewa.

Kinachoendelea ni kipindi cha kukua haraka. Watoto wengi hukipitia wakiwa na wiki mbili au tatu, tena karibu na wiki ya sita, tena karibu na mwezi wa tatu, ingawa hakuna mtoto anayesoma kalenda na wapo wanaotangulia au kuchelewa. Kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu, na mara nyingine hufika wiki. Umeniambia pia kwamba majirani wanasingizia chanjo ya wiki sita. Chanjo inaweza kumletea mtoto joto kidogo na usumbufu wa siku moja au mbili, lakini kunyonya huku kulianza Jumatatu na sindano alichomwa Jumatano.

Sasa nikueleze habari ya jioni, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengi hudanganyika. Prolaktini, homoni inayoamuru maziwa yatengenezwe, huwa juu zaidi usiku wa manane na alfajiri, kisha hushuka kuelekea jioni. Ndiyo maana asubuhi unaamka matiti yamejaa na nguo imelowa, lakini jua likizama ziwani unayashika na kuyakuta laini. Ziwa laini si ziwa tupu. Maziwa ya jioni huwa machache kwa kila mnyonyo lakini yana mafuta mengi zaidi, na mtoto hulipiza uchache huo kwa kurudi mara nyingi. Tena ziwa linapojaa hujizuia lenyewe lisitengeneze kwa kasi, na linapotolewa maziwa mara kwa mara huharakisha. Kwa hiyo mjukuu wangu, anapokunyonya dakika kumi, akasinzia, akalia, akarudi tena, anaagiza maziwa ya kesho na kesho kutwa. Ukimjaza uji saa 2 usiku, agizo hilo halifiki.

Hili nimelilipia mwenyewe. Kaka yako alipokuwa na umri huohuo nilimpa uji wa mahindi kila jioni kwa ushauri wa watu wazima waliokuwa wakinipenda kwa dhati. Usiku wa kwanza alilala, nikashukuru. Baada ya wiki mbili matiti yalikuwa yamepungua kweli, naye alikuwa akilia mchana pia, nikaongeza uji mwingine, na alipofika miezi mitatu hakuwa na haja na ziwa tena. Niliyashuhudia hayohayo kwa akina mama wengi baadaye nilipokuwa nikipima watoto kliniki, na karibu wote walianza na kikombe cha jioni. Tumbo la mtoto wa wiki sita halijawa tayari kwa uji. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanatosha, na hata maji hayahitaji.

Kuhusu usiku, kuna njia mbili, na mtoto mmoja anaweza kuzipita zote ndani ya wiki moja. Wengine wakishanyonya mfululizo jioni hulala kipande kirefu cha kwanza, pengine saa nne. Wengine, kama wako sasa, huendeleza njaa yao hadi alfajiri: maziwa ya mama husagika upesi tumboni, na mwili unaotaka zaidi humwamsha. Umeandika kwamba jana alilala saa 4:30, akaamka saa 6, saa 7:30, saa 9 na saa 10:30. Mnyonyeshe mara zote hizo nne, kwa sababu saa hizo ndizo prolaktini inapofanya kazi kubwa, na usikubali baba yake akupumzishe kwa chupa ya usiku katika siku hizi. Usingizi wake haujaharibika, na hakuna tabia mbaya uliyomfundisha. Akiwa na wiki sita bado hajajua vizuri kutenga usiku na mchana, na agizo lake likishatimia, vipande vya usingizi vitarefuka tena. Ukihesabu kuanzia Jumatatu, nategemea uone nafuu kati ya kesho na Jumatatu ijayo.

Panga jioni yako kwa kuikubali. Kula ugali na dagaa wako saa 11 kabla hajaanza, weka chupa ya maji karibu, na kila anapoachia ziwa mkabidhi baba yake amtembeze ukumbini huku wewe umejilaza, hata kama ni dakika ishirini. Jambo moja nakukataza kabisa: usimnyonyeshe kwenye kochi ukiwa na usingizi. Ni salama zaidi kulala ubavu kitandani, ndani ya neti, mito na blanketi zikiwa mbali naye, na asiwepo kitandani aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Akimaliza, mlaze chali.

Sikuambii kwamba kila kilio cha jioni ni kukua. Sikiliza koo lake: anayepata maziwa hufyonza mara mbili tatu kisha unasikia anameza, ilhali asiyepata hufyonza harakaharaka bila kumeza na chuchu yako hutoka imebonyea. Hesabu nepi zilizolowa. Umeniambia saba kwa siku, na sita au zaidi zinatosha. Zikipungua chini ya sita, au hali hii ikipita wiki nzima bila kulegea, nenda kliniki wakuangalie jinsi anavyoshika ziwa. Lakini akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, awe amechanjwa au hajachanjwa, au akilegea na kukataa ziwa, au utosi ukibonyea, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Mtoto anayekua hunyonya kupita kiasi. Anayeumwa mara nyingi huacha kunyonya.

Mama mkwe wako usibishane naye. Mwonyeshe kadi, umweleze hizo gramu 200, kisha umwombe akupikie uji huo uunywe wewe. Baada ya wiki mbili kampime tena kwenye mizani ileile, akiwa hana nguo; nategemea ikaribie kilo 4.7 au izidi. Nipigie hapohapo kliniki unitajie namba.

Mama yako