Friji likiwaka taa zinafifia: nyaya, umeme unaoingia au friji lenyewe?

Kila friji likianza kunguruma, taa ya jikoni inafifia kidogo halafu inarudi. Ni hatari?

Kama ni kufumba na kufumbua, na imekuwa hivyo tangu uhamie, usihangaike. Kompresa ikiwa inazunguka hutumia umeme mdogo, mara nyingi chini ya ampea 1 kwenye umeme wa volti 230. Ila kuiamsha kutoka kusimama ni kazi: kwa sehemu ndogo ya sekunde inaweza kuvuta ampea 6 hata 10, na volti zinashuka kidogo njiani. Balbu ya waya huonyesha mshuko huo mara moja, na baadhi ya LED za bei rahisi pia. Swali langu ni moja: ilianza lini? Kama friji ni lile lile, taa ni zile zile, na kufifia kumeanza mwezi uliopita, huenda kuna kiungo cha waya kimelegea.

Taa zinafifia friji likiwaka. Tatizo nini?

Taa zipi? Za jikoni tu, au nyumba nzima? Kila wiki napata swali hili bila maelezo hayo, na bila hayo hakuna jibu. Zikififia zilizo kwenye laini moja na friji, anza na laini hiyo. Zikififia zote, angalia kuanzia swichi kuu kurudi nje.

Nitajuaje kama ni nyaya zangu au ni umeme unaoingia?

Kompresa huamka haraka mno, multimita ya kawaida haiwahi. Tumia birika la umeme la wati 2000, linalovuta ampea 8 na zaidi kwa utulivu. Nyumba moja niliyoipima, soketi pacha ya friji ilisoma volti 232 bila mzigo. Tukachomoa friji, tukachomeka birika upande mmoja, upande wa pili ukasoma 219. Zimepotea volti 13. Birika likiendelea kuchemka, tukapima soketi ya laini nyingine isiyo na mzigo wowote. Soketi kama hiyo hukupa volti za kwenye swichi kuu bila kufungua kitu. Ikasoma 229.

Maana yake umeme unaoingia ulipoteza volti 3 tu, na 10 zilipotea ndani ya nyumba. Laini ile ilikuwa na waya wa milimita mraba 2.5, mita 20 hivi. Waya huo mzima ungekula kama volti 2.5, kwenda na kurudi. Volti 7 na kitu zilizobaki zilikuwa zinaliwa mahali pamoja, na kwa ampea 8 hiyo ni karibu wati 60 za joto kwenye kiungo kidogo kuliko kidole gumba.

Tulizima umeme tukafungua soketi. Skrubu ya nyutro ilizunguka mzunguko mzima kabla ya kukaza, na plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia na kukakamaa. Breka haikuruka hata siku moja, kwa sababu breka huhesabu ampea. Kiungo kilicholegea haioni. Tulikata sehemu iliyoungua, tukabadilisha soketi na kukaza upya. Kama hujazoea kazi hii, mwite fundi umeme, na mwambie akaze viungo vyote vya laini hiyo, si soketi ya friji peke yake.

Friji likiwaka, taa za sebuleni zinafifia lakini za chumbani zinazidi kung'aa.

Zima swichi kuu sasa hivi, kisha piga simu kwa wanaokuletea umeme na kwa fundi. Nyutro kuu huenda imelegea au inakatika, na upande unaong'aa unapata volti nyingi kuliko inavyotakiwa. Hapo vifaa huungua.

Nimeshauriwa ninunue stebilaiza, au niweke breka kubwa zaidi. Kipi bora?

Hakuna. Stebilaiza hupandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kupitia kiungo kile kile kibovu. Breka kubwa kuliko waya unavyobeba ni kuacha waya uungue ukutani. Anayekushauri hivyo bila kupima, usimlipe.

Friji linafanya "tik" kila baada ya dakika chache, taa zinafifia kila mara, na halipozi.

Kompresa inajaribu kuamka inashindwa. Inavuta umeme mwingi kwa sekunde kadhaa, kinga yake inakata, inapoa, inajaribu tena. Toa ekstensheni, hasa ile nyembamba ndefu, uchomeke friji moja kwa moja ukutani. Likiwaka vizuri, tatizo lilikuwa ekstensheni. Likiendelea, lichomoe na usilirudishe: fundi wa friji aangalie kwanza rilei ya kuanzishia, ambayo ni kitu kidogo ubavuni mwa kompresa, kabla hajakuambia kompresa imekufa.