Barua kwa mwanangu: sogeza bili zikutane na mshahara

"Mama, mshahara 50,000 unaingia tarehe 28, bili zote jumla 29,500, mbona kila mwezi ikipita tarehe 20 niko kwa Fuliza?"

Mwanangu, nimeziangalia zile bili ulizonitumia. Ukitoa nyumba 15,000 ya tarehe 5 kwa mshahara unabaki unaona 35,000, na ndiyo unatumia kama zako zote tangu 28, kumbe 14,500 ndani yake ni za watu, chama 3,000 tarehe 15, mkopo wa sako 9,000 tarehe 20, waifai 2,500 tarehe 22. Ikifika tarehe 20 uko na kama 14,000 hivi, sako na waifai zinabeba 11,500, sasa hiyo 2,500 itakulisha na kukupa nauli mpaka 28 aje? Hapo ndio unafuliza, na ukiingiza tu pesa M-Pesa deni linajikata kwanza, kwa hivyo mwezi mpya unauanza ukiwa umepungukiwa tayari.

Anza na sako maana ndiyo kubwa. Waandikie uombe tarehe yako ya kulipa iwe 30, na uwaulize wazi malipo ya kwanza ya tarehe mpya ni lini. Kama umelipa 20 Julai halafu waseme 30 Julai, utatoa 9,000 mara mbili ndani ya siku kumi, hiyo kataa, omba 30 Agosti. Riba itaongezeka kidogo kwa zile siku kumi, kwa deni lako la 120,000 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi ni kama 400 hivi, mara moja tu, wewe lipa yaishe. Ukiweka agizo la benki usiliweke tarehe 28 yenyewe, kuna miezi mshahara unachelewa ikiangukia wikendi, agizo likikuta akaunti tupu benki inaweza kukukata faini, na Februari waulize kama litatoka 28 ama Machi 1.

Waifai haina wa kuombwa. Ni ya kulipia kabla, ikikatika 22 iache imekatika, tumia bando ndogo za simu mpaka 30 ndio ulipie. Lakini hesabu yake ni siku 30 sio mwezi, kwa hivyo kila mwezi wa siku 31 itarudi nyuma siku moja, uiangalie.

Chama hawatasogeza tarehe kwa sababu yako na usiwaombe, hiyo 3,000 itoe siku ya mshahara uipeleke akaunti ingine usiyoifungua fungua. Nyumba pia ilipe hiyo hiyo siku, mbona ungoje tano?

Sasa utabaki na 20,500, yaani karibu 4,700 kwa wiki, na saa hii unatumia kama 5,700. Hapo tarehe haziwezi kukusaidia baba, ni hiyo elfu moja ya kila wiki tutafute inaendaga wapi. Nitumie steitimenti ya M-Pesa ya mwezi uliopita, na usifute kitu.

Mamako